Kuchora mzunguko wa maji kwa darasa la nne, ukianzia Ziwa Tanganyika

Michoro mingi ya mzunguko wa maji inayoning'inia kwenye kuta za madarasa imenakiliwa kutoka vitabu vilivyotungwa mbali. Ina mlima wenye kilele cheupe cha theluji, bahari yenye meli, samaki wawili watatu, nyumba yenye bomba la moshi, ng'ombe, upinde wa mvua, na katikati ya vyote hivyo mishale kumi na zaidi ya rangi moja. Mtoto wa Ujiji au Kibirizi akiutazama ataona samaki, ataona ng'ombe, ataona meli. Maji, ambayo ndiyo somo, hayaoni yakienda popote.

Mkoani Kigoma hakuna haja ya kuazima bahari wala theluji. Upande wa magharibi kuna Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki ardhi inapanda kuwa vilima, na kutoka huko mito kama Luiche na Malagarasi inashuka hadi ziwani. Mtu akisimama kutazama kaskazini, ziwa liko kushoto na vilima viko kulia. Hivyo ndivyo mchoro utakavyokaa kwenye karatasi, na mwanafunzi anaweza kuulinganisha na kilicho nje ya dirisha. Huko Tabora, ambako ziwa la namna hii halipo, mpangilio ni uleule, ila mahali pa ziwa liwekwe bwawa.

Makala haya yanahusu chati moja tu: karatasi moja ya manila, mishale sita, maneno matano, kwa wanafunzi wa umri wa miaka kumi hivi.

Mchoro unasema nini

Kabla ya penseli kugusa karatasi, mwalimu aandike pembeni sentensi ambazo mchoro unapaswa kuzisema. Kwa darasa la nne zinatosha nne. Jua linapasha maji ya ziwa joto na baadhi yake yanageuka mvuke. Mvuke ukipanda juu unapoa na kuwa matone madogo sana, na matone hayo ndiyo wingu. Matone yakiungana yakawa mazito yanaanguka, na hiyo ndiyo mvua. Maji ya mvua mengine yanatiririka juu ya ardhi hadi ziwani, mengine yanazama ardhini na kurudi ziwani polepole.

Kisha kila kitu kinachotaka kuingia kwenye karatasi kipimwe kwa sentensi hizo. Samaki hasemi lolote kati ya hayo manne, hata akiwa mgebuka, kwa hiyo abaki nje. Mtumbwi ubaki nje. Nyumba nayo ibaki nje. Mti unaingia, kwa sababu mizizi yake inavuta maji kutoka ardhini na majani yake yanayatoa kama mvuke. Lakini uwe mti mmoja, si msitu. Upinde wa mvua ndio unaoumiza walimu wengi kuuacha kwa sababu unapendeza. Hata hivyo unahusu mwanga, na ukiwa kwenye karatasi utavuta macho kuliko mshale wowote.

Ukubwa wa herufi ndio unaoamua idadi ya maneno

Watu wengi huanza na picha na kumalizia na maandishi, kisha maneno yanabanwa kwenye nafasi zilizobaki. Ni vizuri kuanza na maandishi, kwa sababu hayo hayakubali kubanwa. Kanuni rahisi inayotumika kwa mabango ni kugawa umbali wa msomaji kwa 200 ili kupata kimo cha herufi kinachosomeka bila kukaza macho. Mwanafunzi wa dawati la nyuma akiwa mita 8 kutoka ukutani, sentimita 800 gawa kwa 200 ni sentimita 4. Herufi ya sentimita 2 ataiona kama ipo, ila atakuwa anabahatisha.

Sasa tazama kinachotokea. Herufi yenye kimo cha sentimita 4, pamoja na nafasi ya kuitenga na jirani yake, inakula upana wa takriban sentimita 2.6. Karatasi ya manila ikilazwa ina upana wa kama sentimita 84 na kimo cha kama sentimita 60. Maneno "maji yanageuka kuwa mvuke" yana herufi 22 na nafasi tatu. Yatataka sentimita 65, yaani robo tatu ya upana wa karatasi kwa maelezo ya mshale mmoja. Neno "mvukizo" linataka sentimita 18 tu.

Ndiyo maana sentensi ndefu inabaki mdomoni mwa mwalimu, na kwenye karatasi linakaa jina fupi la tukio. Maneno yanayotosha ni haya: mvukizo, mtonesho, mvua, mtiririko, na maji ya ardhini. Mtonesho ni ule mvuke kupoa na kuwa matone. "Ziwa", "mlima", "jua" na "mti" hayana sababu ya kuandikwa. Mtoto wa Kigoma hahitaji kuambiwa kwamba lile ni ziwa, na kila neno la ziada linapunguza uzito wa yale matano. Yaandikwe kwa herufi ndogo kama anavyoyakuta kitabuni. Neno lililoandikwa lote kwa herufi kubwa huwa na umbo la mstatili ambalo msomaji anayejifunza hajalizoea.

Maneno yote yaandikwe yakiwa yamelala sawa. Kuna kishawishi cha kuandika "mtiririko" likishuka na mteremko wa kilima, au "mvukizo" likipanda wima pamoja na mshale. Linapendeza kwa karibu, lakini kutoka nyuma halisomeki.

Mishale ya aina mbili

Hapa ndipo michoro mingi inapoharibika. Mshale katika chati hii una maana moja tu: maji yanasogea kutoka hapa kwenda pale. Maana hiyo ikivunjwa mara moja, mwanafunzi hana tena njia ya kujua mshale upi unasema nini.

Kosa la kwanza ni kuweka mishale kwenye miale ya jua. Jua likichorwa na mishale mitano inayoelekea ziwani, mtoto anaona vitu vinatoka kwenye jua na kuingia majini. Jua lipewe mistari mifupi isiyo na ncha, rangi ya njano au machungwa, na liachwe hivyo. Na lisichorwe uso wenye macho na tabasamu. Wanafunzi wengi tayari wanaamini kwamba jua hunyonya maji kama mtu anayenyonya soda kwa mrija, na jua lenye mdomo linawathibitishia.

Kosa la pili ni mvuke unaoonekana. Mchoraji anataka kuonyesha mvukizo, kwa hiyo anachora vijistari vya mawimbi vyeupe au vya kijivu vinavyopanda kutoka ziwani kama kutoka kwenye sufuria ya maji ya chai. Mtoto anajifunza mambo mawili ya uongo kwa mpigo: kwamba ziwa linachemka, na kwamba mvuke unaonekana. Maji huvukizwa katika joto lolote, hata usiku, ingawa mchana wa jua na upepo yanaondoka kwa kasi zaidi. Tena mvuke wa maji ni gesi isiyoonekana. Kile kitu cheupe kinachotoka kwenye birika ni matone, yaani mvuke ambao umeshapoa.

Jawabu ni mstari wa vipandevipande. Maji yakiwa kimiminika, mshale wake ni mstari mzima. Maji yakiwa mvuke usioonekana, mshale wake ni wa vipande vya sentimita 2 vinavyotenganishwa na nafasi ya sentimita 1. Yote miwili iwe ya bluu, kwa sababu ni maji yaleyale. Darasa la nne wanashika kanuni hii kwa dakika mbili, na baada ya hapo chati inaanza kujibu maswali yenyewe. Mwanafunzi akiuliza mbona mshale huu umekatikakatika, mwalimu amepata mlango wa somo.

Aina mbili za mistari zinasaidia pia chati inapopelekwa steshenari kupunguzwa na kutolewa nakala nyeusi na nyeupe kwa ajili ya madaftari. Bluu na kahawia zikipita kwenye fotokopi zinatoka kijivu kilekile. Kama tofauti ilikuwa ya rangi peke yake, imepotea. Kama ilikuwa ya umbo la mstari, inabaki.

Kuchora hatua kwa hatua

Acha pambizo la sentimita 3 pande zote. Vipimo vinavyofuata ni kutoka ukingo wa chini wa karatasi kwenda juu, na vyote vianze kwa penseli.

Kwenye kimo cha sentimita 20 piga mstari mlalo, kutoka ukingo wa kushoto hadi kama sentimita 33 kuingia ndani. Huo ni uso wa ziwa. Chini yake chora kitako cha ziwa kikishuka kwa kina, karibu kufika pambizo. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470 mahali penye kina kirefu zaidi, ni la pili duniani baada ya Baikali. Kulichora kama sahani si haki. Kutoka ufukweni acha ardhi iende karibu tambarare kwa sentimita 10, kisha ipande hadi kilele cha kimo cha sentimita 38, na ishuke kidogo kuelekea ukingo wa kulia.

Wingu likae upande wa kulia, juu ya kilima, kitako chake kikiwa kwenye sentimita 47. Kitako kiwe bapa, si cha mviringo kama pamba, kwa sababu mawingu ya mvua za mchana huanza kwenye kimo kimoja, pale hewa inayopanda inapofikia ubaridi wa kutosha. Upana wa sentimita 28 unatosha kubeba neno "mtonesho" ndani yake, ambalo linahitaji kama 21. Lisipakwe rangi ya kijivu iliyokolea, neno litazama.

Jua liwekwe kwenye kona ya juu kushoto, mbali kabisa na wingu. Nafasi hiyo si ya urembo. Karibu kila darasa lina mwanafunzi mmoja atakayeuliza: mwalimu, huko juu si karibu na jua, mbona mvuke unapoa badala ya kuungua? Swali ni zuri na jua likichorwa kando ya wingu linazidi kuwa gumu. Jibu lake ni kwamba hewa haipashwi joto na jua moja kwa moja kwa kiasi kikubwa; jua linapasha ardhi na maji, na hivyo ndivyo vinavyopasha hewa kutoka chini. Hewa hiyo ikipanda inakuta mgandamizo mdogo, inatanuka, na ikitanuka inapoa kwa takriban nyuzi 10 za sentigredi kwa kila mita 1,000, kabla wingu halijaanza kufanyika. Kilima kilichopo kwenye mchoro kina kazi hiyo: upepo kutoka ziwani ukikigonga, hewa hulazimika kupanda.

Sasa mishale. Wa kwanza ni wa vipande, kutoka uso wa ziwa kwenda juu na kupinda kuelekea wingu. Ichorwe miwili au mitatu sambamba, iliyoachana, kwa maana maji yanaondoka usoni kote na si kwenye tundu moja. Neno "mvukizo" likae upande wake wa kulia. Wa pili ni wa vipande pia, mfupi, kutoka kwenye majani ya mti uliosimama mwanzo wa mteremko. Huu hauhitaji neno. Mwanafunzi ataona una vipande na atauita mvukizo mwenyewe. Wa tatu ni mvua: mistari mizima mitano kutoka kitako cha wingu hadi kilimani, ncha zikielekea chini, na neno "mvua" kulia kwake. Wa nne ni mto unaoshuka mteremkoni hadi ziwani, mstari mzima mnene kuliko yote, na "mtiririko" limeandikwa ndani ya mwili wa kilima chini yake.

Mishale miwili ya mwisho iko chini ya ardhi, na ndiyo inayosahaulika. Mmoja unashuka kutoka usoni mwa kilima kuingia ndani. Mwingine unaenda mlalo, ukielekea ziwani. Kabla ya kuichora, weka mstari mwembamba wa penseli unaoanzia usawa wa ziwa ufukweni na kupanda taratibu kadiri unavyoingia chini ya kilima, ukibaki chini kabisa ya mteremko wenyewe. Chini ya mstari huo nukta za bluu zitawanywe kwenye rangi ya udongo. Mstari huo ni usawa wa maji ya kisimani, na unapanda chini ya kilima kwa sababu maji yanayozama huko huchukua muda mrefu kutoka. "Maji ya ardhini" liandikwe kwenye eneo la nukta.

Nukta ni muhimu. Wachoraji wengi huonyesha maji ya ardhini kama dimbwi la bluu lililofichwa chini, au mto unaopita kwenye pango. Mtoto akikua na picha hiyo atashangaa visima vinavyochimbwa kando ya kisima chenye maji vikatoka vikavu. Maji ya ardhini mara nyingi yamejaa kwenye vinafasi kati ya chembe za mchanga na kwenye nyufa za miamba. Nukta za bluu kwenye kahawia zinasema hivyo bila neno.

Penseli ikikamilika, paka rangi za eneo kwanza kwa krayoni kwa mkono mwepesi: bluu hafifu ya ziwa, kahawia ya ardhi, kijani cha mti. Anga liachwe jeupe. Kuliremba kwa bluu kunaua mishale ya bluu iliyomo, na ndipo utaona mtu anaizungushia mishale yake wino mweusi ili ionekane. Mishale na maneno yaje mwisho kwa makapeni: mishale ya bluu iliyokolea, unene wa milimita 8 hivi, maneno meusi. Angalia makapeni isiwe ya ubao mweupe. Zinafanana kwa umbo, lakini wino wa ubao mweupe umetengenezwa ili ufutike.

Manila ikikosekana, mfuko wa salfeti wa kilo 100 uliopasuliwa pembeni na kuoshwa unafaa, kwa upande usio na maandishi. Hauchaniki wala haujikunji kwa unyevu wa masika. Shida yake ni kwamba wino husambaa kufuata nyuzi, kwa hiyo mistari ya vipande iachiwe nafasi ya sentimita 2 badala ya 1, la sivyo vipande vitaungana na kuwa mstari mzima. Krayoni haishiki vizuri kwenye salfeti. Maeneo makubwa yapakwe rangi ya maji iliyochanganywa na gundi kidogo.

Jaribio la Agosti

Namna ya kujua kama mchoro umefanya kazi ni kuwapa wanafunzi jambo ambalo halikuandikwa. Kigoma inatoa jaribio zuri kwa sababu ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, na kiangazi kinachoshika Juni hadi Septemba. Chukua kipande cha karatasi nyeupe, ufunike mistari ya mvua na wingu lote, useme: sasa ni Agosti. Mishale ipi inaendelea?

Wengi watasema yote imesimama, maana mzunguko umekatika. Hapo ndipo umbo la duara linapowadanganya wanafunzi: wanaona kama mnyororo wa baiskeli, pingili moja ikitoka, gurudumu halizunguki. Waambie waweke kidole kwenye mshale mmoja mmoja. Mvukizo wa ziwani: jua lipo, maji yapo, upepo upo, basi unaendelea. Mti: majani yakiwepo unaendelea, ingawa miti mingi ya miombo inaangusha majani yake kiangazi na huo unapungua. Mshale wa kuzama ardhini umesimama, hakuna cha kuzama. Mto? Hapa wataanza kubishana, na ni vizuri waachwe kidogo.

Vijito vidogo vya milimani vingi vinakauka. Malagarasi haukauki. Jibu liko kwenye ule mshale wa sita wa chini ya ardhi: maji yaliyozama Machi bado yanatoka polepole Agosti na kuulisha mto. Mwalimu anaweza kuongeza kwamba Malagarasi unapita kwenye eneo kubwa la mabwawa na tindiga kabla ya kufika Uvinza, nayo yanashikilia maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo. Mwanafunzi aliyekuwa anaona mshale wa ardhini ni pambo, sasa ameupa kazi.

Swali linalofuata: uso wa ziwa utapanda au utashuka? Mvukizo unaendelea, mvua hakuna, mito imepungua. Utashuka. Wanaoishi Kibirizi wamekwisha kuona ufukwe ukiongezeka kiangazi. Ziwa huwa juu kabisa mwishoni mwa masika, karibu na Mei, na chini kabisa mvua zinapokaribia kuanza tena. Mtoto anayeweza kulieleza hilo kwa kidole chake kwenye chati, bila kusoma maneno, ameelewa.

Jaribio la pili ni la mtonesho, ambalo ndilo neno gumu kati ya yale matano. Chupa ya soda iliyotoka kwenye friji ikiwekwa mezani, baada ya dakika chache nje yake inalowa. Uliza maji hayo yametoka wapi. Wapo watakaosema yamepenya kwenye kioo. Tia soda rangi, au tumia iliyo na rangi tayari: matone ya nje hayana rangi wala utamu, basi hayakutoka ndani. Yametoka hewani, palipokuwa na mvuke ambao haukuonekana. Kisha rudi kwenye chati, pale mshale wa vipande unapofika kwenye wingu na kuacha kuwa vipande. Wingu linaonekana kwa sababu ni matone, si mvuke. Ni madogo mno, kiasi kwamba tone moja la mvua la kawaida linahitaji karibu milioni moja ya matone ya wingu, ndiyo maana wingu linaelea na mvua inaanguka.

Na kama kuna mwanafunzi anayetoka Uvinza, atakuwa na la kuchangia kuhusu mvukizo. Maji ya chemchemi za huko yana chumvi, na yakikaushwa maji huondoka, chumvi hubaki. Mshale wa vipande haubebi chumvi wala tope, unabeba maji matupu. Hiyo ndiyo sababu mvua haina chumvi hata pale ilikotoka kwenye bahari.

Kinachosubiri darasa la sita

Chati hii inaacha mambo ambayo ni kweli, na mwalimu anapaswa kuyajua ili asiyakanushe mwanafunzi akiyataja. La kwanza, mvua hainyeshi kilimani tu. Nyingi hunyesha juu ya ziwa lenyewe, lenye urefu wa takriban kilomita 670, na mvua hiyo ni sehemu kubwa ya maji yanayoingia ziwani. La pili, maji ya wingu la Kigoma hayatoki ziwani peke yake. Unyevu mwingine unaletwa na upepo kutoka Bahari ya Hindi na kutoka misitu ya Kongo. Anayechora mzunguko kama duara lililofungwa, ambalo tone lilelile linazunguka kati ya ziwa moja na kilima kimoja, anafundisha kitu ambacho itabidi kifutwe baadaye. Kwa hiyo mishale isiunganishwe kichwa kwa mkia, na kwenye ukingo wa kulia wa wingu paachwe wazi.

La tatu linahusu njia ya kutokea. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu unaotoka, Lukuga, upande wa Kongo, na unachukua kiasi kidogo. Sehemu kubwa mno ya maji yanayoondoka ziwani huondoka kwa mvukizo.

Haya yote yanaweza kuingia bila kuchora chati mpya. Kata kadi za manila zenye urefu wa sentimita 15, moja iwe na wingu dogo na mvua yake ya kubandika juu ya ziwa, moja mshale wa vipande unaoingia kutoka ukingo wa kulia, moja mshale mzima unaotoka ziwani kwenye ukingo wa kushoto na neno "Lukuga". Bandika kwa pini za ubao wa matangazo au uji mzito wa unga wa muhogo, kadi moja kwa kipindi kimoja. Ile ya Lukuga iwe na mshale mwembamba kuliko mishale ya mvukizo iliyo pembeni yake, milimita 3 dhidi ya 8, kisha waulizwe kwa nini.